Mchanganuo wangu wa kuku wa nyama unaonyesha faida, mkufunzi anasema pesa inaisha wiki ya tano. Nani kakosea?

#1 MwanaKihonda

Habari wakuu.

Niko kwenye mafunzo ya vijana ya kuandika mchanganuo wa biashara, hapa Morogoro. Tumepewa karatasi nne za kujaza: gharama, wateja, bei, na ya mwisho makadirio ya fedha. Mimi nimechagua kuku wa nyama 200. Mkufunzi amenirudishia kazi akaandika kwa kalamu nyekundu: "Faida ipo, fedha haipo." Sijamwelewa, na darasa lijalo ni Jumatatu.

Hesabu zangu ndizo hizi, kwa bei nilizouliza madukani mwenyewe. Vifaranga 200 kwa 1,800 ni 360,000. Chakula mifuko 12 ya kilo 50 kwa 75,000 ni 900,000. Chanjo na dawa 60,000. Mkaa wa bruda na maranda 80,000. Pango la banda 50,000. Jumla 1,450,000. Nauza kuku 200 kwa 8,500, napata 1,700,000. Faida 250,000 kwa kundi.

Nina akiba ya 2,000,000. Vyombo vya maji, vya chakula na bruda vinachukua 300,000, kwa hiyo naanza na 1,700,000 mkononi. Banda lina vyumba viwili, na nimepanga kundi la pili liingie wiki ya nne ili wateja wasikose kuku. Sasa pesa inaishaje wakati kila kundi lina faida?

#2 Kijogoo

Bei yako ndiyo tatizo, mkuu. 8,500 ni bei ya kutupa. Weka 10,000 uone kama huyo mkufunzi atarudisha tena.

#3 FundiBanda

Kabla ya bei, kuna kuku 10 unaowauza hawapo. Umenunua vifaranga 200 na umeuza kuku 200. Mimi nafuga mwaka wa saba na sijawahi kufikisha wote sokoni. Weka vifo 5 kwa mia, nayo ni hesabu ya mtu anayechanja kwa wakati na anayeamka usiku kutazama joto. Wenye kukaa wakilundikana chini ya mkaa wanakwambia ni baridi, wenye kukimbilia ukutani wakihema wanakwambia ni joto. Ukilala, asubuhi unaokota.

Kwa hiyo uza 190. Hapo ni 1,615,000, na faida inashuka kutoka 250,000 hadi 165,000. Kuku 10 tu wamekula 85,000.

#4 Mchakato

Kijana, usikate tamaa. Halmashauri kukataa andiko ni kawaida. Ile mikopo ya asilimia kumi, vijana wana tano na akina mama tano, hata haina riba. Tengenezeni kikundi muombe upya.

#5 Mhasibu_wa_Mtaa

@Mchakato, hajaomba mkopo, ni kazi ya darasani. Halafu tano kwa tano ni ya zamani. Tangu 2018 ni nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Kutokuwa na riba hapo umesema kweli.

@MwanaKihonda, mkufunzi wako yuko sahihi, na kosa haliko kwenye jumla zako. Umejumlisha kila kitu kama vile kinatokea siku moja, wakati kuku anakula kwa wiki tano ndipo anauzwa. Chukua daftari, chora mistari ya wiki, na kila wiki jiulize swali moja: wiki hii nimeshika shilingi ngapi?

Ngoja nikufanyie kwa bei zako. Chakula hakinunuliwi sawa kila wiki, kuku anavyokua ndivyo anavyokula. Kwa kuku 200 utanunua mfuko mmoja wiki ya kwanza, miwili ya pili, miwili ya tatu, mitatu ya nne, minne ya tano. Hiyo ndiyo 12 yako. Dawa nimeigawa 20,000 kwa wiki tatu za mwanzo.

Wiki ya 1: vifaranga, mfuko mmoja, pango, mkaa na maranda, dawa. Inatoka 585,000, unabaki na 1,115,000.
Wiki ya 2: inatoka 170,000, unabaki na 945,000.
Wiki ya 3: inatoka 170,000, unabaki na 775,000.
Wiki ya 4: mifuko mitatu, 225,000, unabaki na 550,000. Lakini wiki hiyohiyo unaingiza kundi la pili: vifaranga, mfuko, mkaa, dawa, 535,000. Unabaki na 15,000.
Wiki ya 5: kundi la kwanza linataka 300,000 ya chakula, la pili 170,000, na mwenye banda anataka 50,000 ya mwezi wa pili. Jumla 520,000, na wewe una 15,000.

Unapungukiwa 505,000 na bado hujauza kuku hata mmoja. Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipotoka.

#6 MwanaKihonda

Nimesoma mara tatu. Kumbe kuku wa kundi la kwanza wanakuwa na njaa wiki ileile wanayokula kuliko wakati wowote. Asante sana kaka.

Swali: ningeuza kundi la kwanza mwanzoni mwa wiki ya tano?

#7 FundiBanda

Wiki nne kamili? Utapata kuku mwepesi, na wenye vibanda watakupa 6,000. Usijaribu.

#8 MamaTausi

Mwanangu, mimi ni mnunuzi, nina kibanda cha chipsi karibu na Msamvu. Wote mnaongea kana kwamba kuku akifika wiki ya tano pesa inafika naye. Karatasi ya wateja umeandika nini? Hujatuonyesha.

#9 MwanaKihonda

@MamaTausi shikamoo. Nimeandika: "Wateja wangu ni wakazi wote wa Manispaa ya Morogoro wanaopenda kitoweo bora, mahoteli, na wageni wa sherehe."

#10 MamaTausi

Marahaba. Sasa hao wakazi wote hawana mlango wa kubisha. Andika watu unaoweza kuwafuata kwa miguu. Mimi peke yangu nachukua kuku 6 kwa siku, Ijumaa na Jumamosi 10. Jirani yangu anachukua 4. Ukitembea kuanzia kwangu utapata vibanda vitano, na hao ndio wateja. Kila mmoja muulize anachukua wangapi, siku gani, wazima au waliochinjwa, na analipaje.

Hilo la mwisho ndilo litakalokuumiza. Mimi nachukua mali kauli. Kuku nachukua leo, nalipa nikishauza, na kwa mfugaji mpya nalipa baada ya wiki mbili kwa sababu wale wa zamani nao wananidai. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo ilivyo, na wengi wetu tuko hivyo. Anayetaka taslimu anauza nyumba kwa nyumba, na nyumba haichukui kuku 6.

@Kijogoo hiyo 10,000 yako nani atailipa? Kuku mmoja natoa robo nne, robo nauza 3,500. Ni 14,000. Nikinunua kwa 8,500 nabaki na 5,500 ya mafuta, mkaa, kijana wa kukaanga na pango la kibanda. Nikinunua kwa 10,000 nabaki na 4,000. Nitakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine yupo.

#11 Kijogoo

Mama, nakuheshimu, lakini wewe ni mnunuzi, lazima utetee bei ya chini. Kuna wateja wengine. Desemba nimeuza 11,000 na nikaishiwa kuku.

#12 MamaTausi

Na Januari uliuza ngapi?

#13 Kijogoo

Januari ni Januari, mama.

#14 Ndizi_Mshale

😂 Kijogoo kawika Desemba tu.

#15 PwaniMoja

Salamu kutoka Mombasa. Huku pia wanaokaanga huchukua leo na kulipa kesho kutwa, na "kesho kutwa" ina miguu mirefu. Mimi niliacha kuwauzia wote isipokuwa wawili.

Naomba kuuliza FundiBanda, hizo wiki kati ya kundi na kundi mbona hakuna aliyezitaja? Mimi niliingiza vifaranga siku tatu baada ya kuuza, bandani bado mnanuka, Gamboro ikaniondolea zaidi ya nusu.

#16 FundiBanda

Pole sana ndugu yangu. Umenitangulia, nilikuwa nakuja huko.

Maranda yote yanatoka, banda linaoshwa, linapigwa dawa, halafu linakaa tupu. Mimi nalipumzisha wiki mbili. Virusi vya Gamboro ni vigumu, vinakaa kwenye vumbi na kinyesi miezi, kwa hiyo usafi wa haraka haraka hauvigusi. Na kijana ameweka makundi mawili ya umri tofauti kwenye banda moja la vyumba viwili. Unatoka kuwalisha wakubwa unaingia kwa wadogo na viatu vilevile. Huo ni mlango wa ugonjwa. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kufuta kundi la wiki ya nne, hata kabla ya pesa.

Maana yake kundi moja linachukua wiki saba: tano za kulea na mbili za kupumzisha. Kwa mwaka ni makundi saba. Nani aliyewahi kuandika kumi kwenye mchanganuo ninyooshewe mkono.

#17 MwanaKihonda

Mimi niliandika kumi.

#18 Salome_Mzb

Naomba niongeze langu, maana mwaka jana nilifanya kosa ambalo halijatajwa. Nilisoma hapa Mazimbu na nikaanza kufuga kuku 200 nikiwa bado chuo. Hesabu zangu za makundi zilikuwa nzuri, sikuingiza kundi la pili mapema, na bado pesa iliisha.

Nilipopekua daftari nilikuta jibu. Kila siku nilikuwa natoa 10,000 ya nauli ya bodaboda, chakula changu na vocha. Haikuwa anasa. Lakini siku 35 ni 350,000. Kwa hesabu ya Mhasibu, bila kundi la pili MwanaKihonda anafika mwisho wa wiki ya tano akiwa na 200,000, baada ya chakula 300,000 na pango 50,000. Toa hiyo 350,000 yangu, amekwama kabla ya kuuza. Mimi nilimalizia kwa kupunguza chakula siku nne za mwisho, kuku wakawa wepesi, na mnunuzi akaona mara moja.

Kwenye karatasi ya gharama hakuna mstari wa mtu mwenyewe. Wote darasani tuliacha.

#19 Kijogoo

Hapo ndipo ninaposema bei. Biashara isiyoweza kumlipa mwenye nayo 10,000 kwa siku, bei yake ni ndogo. Hamtaki kunielewa.

#20 Mhasibu_wa_Mtaa

@Kijogoo kuna ukweli ndani ya unachosema, na kuna nusu umeiacha. Kwa kuku 190 kila shilingi 500 unayoongeza kwenye bei ni 95,000. Si ndogo. Lakini bei inaingia wiki ya sita, na shimo liko wiki ya tano. Hata ukiandika 12,000, wiki ya tano mtu wa duka la chakula haangalii bei yako ya wiki ya sita.

@Salome_Mzb umenikumbusha, na mimi nilipaswa kuuweka huo mstari. Asante.

#21 Kijogoo

Sawa, shimo haliondoki kwa bei. Lakini bila bei hakuna cha kufukia shimo. Nasimama hapo.

#22 MwanaKihonda

Nimekaa usiku kuandika upya. Kundi moja, vifo 10, pango la miezi miwili kwa sababu ya mapumziko. Nimechukua maneno ya @MamaTausi kwamba si wote watalipa papo hapo: wiki ya sita nauza 100 taslimu, 90 mali kauli ya wiki mbili.

Wiki ya 4 nabaki na 550,000. Wiki ya 5 nabaki na 200,000. Wiki ya 6 inaingia 850,000, nina 1,050,000. Wiki ya 8 wenye mali kauli wanalipa 765,000, nina 1,815,000.

Nilianza na 1,700,000. Kwa hiyo wiki nane zimenipa 115,000, na sijatoa hata nauli yangu. Vile vyombo vya 300,000 vitarudi kundi la tatu. Hii si ile 250,000 niliyokuwa namwambia mama nyumbani. Nimeiangalia hesabu nikidhani nimekosea, nimerudia, ni ileile.

#23 FundiBanda

Hujakosea. Hata mimi kundi la kwanza lilinipa hela ya gumboots na ufagio.

Ila kuna kitu hujaweka. Umeandika wote 190 wanaondoka wiki ya sita. Wakibaki 50 kwa wiki moja zaidi je? Kuku wa wiki ya sita anakula zaidi ya kilo moja kwa wiki. Kwa mfuko wako wa 75,000 kilo ni 1,500, kwa hiyo kila kuku anakula kama 1,650. Faida yako kwa kuku mmoja, tukigawa 115,000 kwa 190, ni kama 600. Wiki moja ya kusubiri mnunuzi imekula faida yake na ya wenzake wawili.

#24 Salome_Mzb

@FundiBanda hapo sikubaliani kabisa. Ni kweli kama unauza kwa kichwa. Ukiuza kwa kilo, wiki ya sita kuku anaongeza karibu nusu kilo akiwa hai. Akichinjwa ni kama gramu 350 za nyama. Bucha ninayouzia inanipa 7,500 kwa kilo, hizo ni zaidi ya 2,600. Ametumia chakula cha 1,650. Kusubiri kumelipa.

#25 FundiBanda

Nusu kilo ni kwa chakula kizuri, banda lenye hewa, na kuku wasiobanana. Nenda mabanda ya vijana wanaoanza, pima kwa mzani, utakuta robo au theluthi ya kilo. Hapo nyama inayoongezeka haifiki 1,900, na bado hujalipa mchinjaji 500. Tena wiki ya sita joto la Morogoro mchana linawaua wale wazito kwanza. Nimewahi kupoteza 9 mchana mmoja wa Novemba.

#26 Salome_Mzb

Mchinjaji unamlipa wiki ya tano au ya sita, ni yuleyule. Usimhesabu mara mbili. Kuhusu uzito, mimi napima kuku 10 kila Jumamosi na ninayo namba zangu. Wewe pia lete zako.

#27 FundiBanda

La mchinjaji umenishinda. La uzito nitapima kundi lililopo, liko wiki ya tatu.

#28 PwaniMoja

Swali la kijinga labda: kwa nini asianze na kuku 100, halafu mia nyingine baada ya kuuza? Shimo lingekuwa dogo.

#29 Mhasibu_wa_Mtaa

Si la kijinga. Chakula na vifaranga vinakuwa nusu, ndiyo. Pango halipungui, mkaa unapungua kidogo tu, na safari ya kufuata chakula ni ileile. Kwa faida ya 600 kwa kuku, pango la miezi miwili kwa kuku 95 linaimaliza. Lakini kama anajifunza na anaogopa ugonjwa, akipoteza 100 hajapoteza akiba yote. Mimi ningeanza na 200, FundiBanda najua angeanza na 100.

#30 FundiBanda

Mia. Na banda asipange, aombe ua wa nyumbani.

#31 Mchakato

Kwa hiyo mkopo wa halmashauri ungemsaidia au la? Naona mmeniruka.

#32 Mhasibu_wa_Mtaa

Hatujakuruka, mkuu. Ungeziba shimo la wiki ya tano kama ungefika kabla ya wiki ya tano na kama marejesho yanaanza baada ya kuuza. Marejesho yakianza mwezi wa pili kwa kundi linalolipa mwezi wa pili mwishoni, amehamisha shimo. Aulize ratiba ya marejesho kwanza, aiweke kwenye daftari lilelile la wiki, ndipo aamue.

#33 MamaTausi

@MwanaKihonda hiyo mali kauli ya wiki mbili umeandika wote 90 watalipa siku moja. Andika nusu walipe wiki ya nane, nusu wiki ya kumi, uone. Mimi najitahidi, lakini nikiuguliwa na mtoto, mfugaji mpya ndiye anayesubiri.

#34 MwanaKihonda

Nimefanya sasa hivi, mama. Wiki ya 8 ninakuwa na kama 1,432,000. Kundi la pili linaingia bila shida, linataka 535,000 kuanza na pango la wiki ya tisa. Ila wale wa wiki ya kumi wasipolipa kabisa, wiki ya tano ya kundi la pili nakwama tena, tena mbele ya kuku wakubwa.

Kesho nikitoka kazini naanza na vibanda vya Msamvu. Nataka wawili wanaolipa siku ileile hata kwa 8,200, kabla sijanunua kifaranga. Jumatatu nampelekea mkufunzi daftari la wiki badala ya ile karatasi.

#35 Kijogoo

8,200?! Unashuka tena!

#36 Salome_Mzb

300 kwa kuku 90 ni 27,000. Akipata pesa yake wiki ya sita, mimi ningelipa hiyo 27,000.

#37 MamaTausi

Ukija, njoo saa tisa, mchana nina watu. Na uniletee mmoja nimpime kwa mkono, simnunui kwa daftari.